Kigingi cha Alfajiri na Utulivu wa Nafsi



Wapenzi wasomaji, katika nyumba zetu nyingi Jumatatu ina sura yake. Mtoto analia kwa sababu ya soksi, dada yake anajibu kwa ukali alipoulizwa jambo dogo, na mama, ambaye jana alikuwa mchangamfu mbele ya wageni, anahisi kifua kimembana na machozi yako karibu. Kufika Jumatano mambo hutulia. Ijumaa furaha imerejea, na Jumatatu inayofuata tunarudi pale pale. Wako wanaosema ni tabia, wako wanaosema ni husuda, na wako wanaoanza kushuku kwamba nyumba ina jambo. Juma hili tunapenda kuwaomba wasomaji wetu, kabla ya kufika huko kote, watazame kwanza saa: familia ililala saa ngapi na kuamka saa ngapi tangu Alhamisi hadi Jumapili?

Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya kila mmoja wetu saa isiyoonekana. Ni fundo dogo la seli za neva lililo chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho yote mawili inapokutana. Fundo hili huuongoza mwili mzima: ndilo linaloamuru joto la mwili lishuke usiku na lipande asubuhi, homoni ya melatonini imiminike gizani, na homoni ya kotisoli ipande kuelekea wakati wa kuamka ili tuinuke na nguvu. Jambo moja tulijue juu ya saa hii. Kwa watu wengi haizunguki kwa saa 24 kamili, bali hupita kidogo, kwa wastani wa dakika kumi hivi. Kwa hiyo isiporekebishwa kila siku huteleza mbele, ikitaka kulala baadaye na kuamka baadaye. Kinachoirekebisha kuliko vyote ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni.

Hisia zetu nazo hufuata saa hiyo. Kuna sehemu ya usiku, saa 2 au 3 hivi kabla ya wakati tuliozoea kuamka, ambapo joto la mwili liko chini kabisa na akili ni nzito. Mtu akiinuliwa wakati huo hana subira. Jambo dogo humwelemea, na hawezi kupima maneno yake. Zaidi ya hayo, usingizi wenye ndoto, ambao wataalamu wanauhusisha na kutuliza mambo yaliyotugusa mchana, umejaa zaidi katika sehemu ya mwisho ya usiku. Anayekatizwa sehemu hiyo huamka na ya jana yakiwa bado mabichi moyoni.

Tuchukue mfano wa mama wa nyumba mmoja, tuhesabu usingizi wake kama tunavyohesabu matumizi ya jikoni. Siku za shule hulala saa 4:30 usiku na kuamka saa 11 alfajiri. Hizo ni saa 6 na nusu, na katikati ya usingizi wake ni saa 7:45 usiku. Ijumaa usiku kuna wageni, Jumamosi usiku kuna arusi, na baada ya arusi kuna simu na picha za arusi. Siku hizo mbili hulala saa 8 usiku. Huamka kuswali Alfajiri, kisha anarudi kitandani upesi, madirisha yamefungwa, mpaka saa 4 asubuhi. Katikati ya usingizi huu ni saa 12 asubuhi. Kutoka saa 7:45 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni saa 4 na robo.

Mama huyu akiambiwa kwamba hasira yake inatokana na usingizi atakataa, na ana hoja. Atasema: mwisho wa juma nalala zaidi ya saa 7, kuliko siku nyingine yoyote. Ni kweli, na hapo ndipo wengi tunapokosea hesabu. Tunahesabu wingi wa usingizi na kusahau mahali pake. Saa 4 ni tofauti iliyopo kati ya Mombasa na visiwa vya Kepuvede, kule katika Bahari ya Atlantiki mbele ya pwani ya Senegali. Ni kama kwamba mama huyu Ijumaa amepanda ndege kwenda huko, na Jumapili usiku amerudi, bila ya kutoka mtaani kwake. Mtafiti wa Kijerumani Till Roenneberg na wenzake, katika mwaka 2006, waliipa hali hii jina linalofananisha na uchovu wa safari ya ndege, isipokuwa safari hii ni ya ratiba za watu. Hesabu ya katikati ya usingizi tuliyoifanya hapo juu ni njia yao ya kuipima.

Ni kweli kwamba saa ya mwili haihami yote kwa siku mbili, lakini huvutwa. Jumapili mama analala saa 4:30 kama desturi, na usingizi hauji. Anageuka, anachukua simu, anawaza deni la duka na ada ya madrasa, na fikra zinakuwa nyeusi kwa sababu ni usiku na yu peke yake. Saa 7 na nusu ndipo anapolala. Saa 11 kengele inalia. Amelala saa 3 na nusu tu, na kwa saa ya mwili wake iliyovutwa bado ni usiku wa manane. Ni wakati ule ule wa uzito, nao unaangukia pale hasa anapotakiwa awapigie watoto pasi, apike chai, atafute daftari lililopotea na ajibu maswali ya mumewe. Hapo imani yake haikupungua wala mapenzi kwa wanawe. Ameamshwa mahali pasipo pake.

Sasa tiba. Kosa la kwanza la anayetaka kujipanga ni kuanza na saa ya kulala. Anaazimia: kuanzia leo nitalala saa 3. Anajilaza, macho makavu, anahesabu dakika, na kufikia saa 5 amejikasirikia nafsi yake. Usingizi hauitwi kwa amri. Kuamka ndiko kulikomo mikononi mwetu, na kwa hiyo kigingi kipigwe kwenye kuamka. Mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi kilichosimama imara anaweza kutangatanga kidogo huku na huku, lakini hapotei. Vivyo hivyo mtu anayeamka wakati mmoja kila siku, hata akichelewa kulala usiku mmoja, uchovu wa mchana utamrudisha kitandani mapema usiku wa pili, na saa yake haikuhama.

Na sisi Waislamu wa pwani kigingi hicho tumekwisha kupewa. Wenzetu wanaoishi Ulaya Alfajiri yao huzunguka kwa saa kadhaa baina ya kiangazi na kipupwe, nao wana kazi kubwa ya kupanga usingizi wao kila msimu. Sisi tuko karibu na ikweta. Mombasa, jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 12:35 hivi mwaka mzima, na adhana ya Alfajiri nayo husogea kwa kadiri hiyo hiyo ndogo. Aliyezoea kuamka kwa adhana mwezi wa pili hahitaji kubadilisha kitu mwezi wa nane.

Lakini kigingi chaweza kupigwa na bado kikalegea, nako kulegea huja baada ya kutoa salamu. Kuamka, kuswali gizani na kurudi chini ya shuka mpaka saa 4, kwa saa ya mwili, ni karibu sawa na kutoamka, kwa sababu macho hayakupata mwanga. Kwa hiyo hatua ya pili ni mwanga. Jua linapochomoza, toka nje kwa dakika 20 au 30. Si lazima ukae juani. Taa ya chumbani, hata ikiwa kali, haifikii hata sehemu moja ya kumi ya mwanga wa nje, na kivuli cha ua au baraza asubuhi kina mwanga wa kutosha. Mwenye ua na afagie au afue wakati huo. Anayeishi ghorofani na anywe chai yake kwenye roshani au juu ya paa, penye stara. Mwenye kuvaa nikabu hana wasiwasi, maana njia ya mwanga ni macho.

Je, yule aliyechelewa arusini asirudi kulala kabisa? Hatusemi hivyo. Arusi zina haki yake, na mwili una haki yake. Tunasema kurudi kuwe na mpaka, na mpaka huo uwe saa 1 asubuhi. Turudi kwa mama wetu. Ajitahidi mwisho wa juma awe kitandani saa 6 usiku, aswali Alfajiri, akitaka alale tena, na saa 1 asubuhi ainuke, afungue madirisha, atoke uani. Katikati ya usingizi wake sasa ni saa 9 na nusu usiku. Tofauti na siku za shule imeshuka kutoka saa 4 na robo hadi chini ya saa 2. Usingizi uliopungua ataulipa mchana kwa kailula.

Kailula ni sunna yenye manufaa ikichukuliwa kwa kipimo chake: dakika 20 hadi 30, baada ya Adhuhuri, na iishe mapema kabla ya Alasiri. Ikipita hapo mtu huzama katika usingizi mzito, akaamka na kichwa kizito na moyo mchungu. Na anayelala baada ya Alasiri amekopa usingizi wa usiku, na usiku utakataa kumkopesha tena. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Baada ya saa 5 hivi tangu kunywewa, karibu nusu ya nguvu yake ingali mwilini. Kahawa ya baraza ya saa 12 jioni, au chai nzito ya baada ya Magharibi, huwa bado inafanya kazi saa 5 usiku. Iwe ya mwisho kabla ya Alasiri.

Kuhusu usiku, tunakumbuka kwamba imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Mwenye kuitazama desturi hiyo ataona kwamba inafunga mlango mapema, ili Alfajiri iwezekane. Mazungumzo yetu ya baada ya Isha siku hizi yamo kwenye simu, nayo yana madhara mawili: mwanga wake huchelewesha melatonini, na habari zake huamsha moyo uliotaka kutulia. Simu na ilale sebuleni. Aliye kitandani na hakupata usingizi kwa dakika 20 hivi asishindane nao. Ainuke, akae penye mwanga hafifu, alete adhkari zake, arudi usingizi ukimjia. Ila kesho yake aamke wakati ule ule.

Hapa tuna neno mahsusi kwa kinadada, kwa kuwa ni nadra kusemwa. Katika siku za hedhi, mwanamke ameondolewa sala, na wengi wetu huzima kengele ya Alfajiri. Kigingi kinang'oka kwa siku 5 au 7. Anaamka saa 3, analala saa 7 usiku, na siku ya kutahirika anajilazimisha kurudi saa 11 alfajiri kwa mkupuo mmoja. Yeye na walio karibu naye huona hasira na huzuni za siku hizo wakasema ni hedhi tu. Ni kweli homoni za mwezi zina athari yake, na siku chache kabla ya hedhi hisia nyingi huwa nyepesi kuumia. Lakini sehemu ya uzito huo yaweza kutokana na saa iliyoachwa kuteleza. Tunashauri: apumzike zaidi kwa maumivu, alale mapema, achukue kailula, lakini wakati wa kuamka usisogee zaidi ya saa 1, na mwanga wa asubuhi usikosekane. Afanye dhikri, anywe chai yake uani watu wakiswali. Mwezi ule ule utakuwa mwepesi zaidi kwake, na kurudi kwenye sala ya Alfajiri hakutakuwa mzigo.

Watoto nao wana hesabu yao. Katika likizo wengi huishia kulala saa 6 usiku na kuamka saa 3 asubuhi. Shule itawataka saa 11:30 alfajiri. Hizo ni saa 3 na nusu za kurudishwa nyuma, na kurudi nyuma ni kugumu kuliko kusogea mbele, kwa sababu tuliyoitaja: saa ya mwili hupenda kuteleza mbele. Tukiwarudisha kwa robo saa kila siku, tunahitaji siku 14. Kwa hiyo kazi inaanza majuma mawili kabla ya shule kufunguliwa. Kila siku mtoto anaamshwa robo saa mapema kuliko jana, anapelekwa nje kwenye mwanga, na saa ya kulala itafuata yenyewe baada ya siku chache. Kwa kijana aliyebaleghe tuwe na huruma zaidi. Katika umri huo saa ya mwili yenyewe huchelewa, hivyo anapokuwa mzito asubuhi si uvivu wote. Njia ya robo saa ndiyo hiyo hiyo baada ya Ramadhani, pale nyumba nzima inapokuwa imegeuza usiku kuwa mchana.

Tutajuaje kwamba tunafanikiwa? Chukua daftari la shule, chora safu tatu: saa niliyolala, saa niliyoamka, na hali ya moyo saa 4 asubuhi, kwa namba kutoka 1 hadi 5. Andika kwa siku 14. Juma la kwanza huenda usione nafuu, na siku mbili tatu za mwanzo utakuwa mchovu kuliko zamani, kwa kuwa umeacha kulala asubuhi na usiku bado haujakulipa. Wengi huacha hapo. Juma la pili, tazama Jumatatu na Jumanne hasa. Namba zake zikianza kukaribia za Alhamisi, basi kigingi kimeshika. Dalili nyingine ni kwamba unaanza kuamka dakika chache kabla ya adhana bila ya kengele.

Mipaka nayo tuitaje. Mama aliyejifungua juzi hawezi kuchagua saa ya kuamka, na asilaumiwe. Atakachohitaji ni mama mkwe, dada au mume atakayemshika mwana ili apate saa 4 au 5 za usingizi usiokatizwa, na mwanga wa asubuhi akiwa ananyonyesha. Bwana au bibi anayefanya kazi kwa zamu za usiku naye hana kigingi kimoja, na hali yake inataka mpango wa peke yake. Anayekoroma kwa nguvu na kukatikiwa na pumzi usingizini anahitaji daktari, hata akilala saa ngapi. Na ikiwa huzuni imedumu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, ikaondoa ladha ya kila jambo, au mtu anawaza kujidhuru, au analala saa 2 au 3 tu kwa siku nyingi na bado anajiona ana nguvu nyingi kupita kiasi, maneno yanamtoka mbio na anatumia fedha ovyo, hayo si mambo ya ratiba. Afikishwe hospitali mapema, na dua iandamane na matibabu.

Juma hili, basi, tunawaomba jambo moja tu: Jumamosi hii, baada ya Alfajiri, atakayerudi kulala aweke kengele ya saa 1 asubuhi, na ikilia atoke nje na kikombe chake. Kisha Jumatatu atazame nyumba yake.

Wabillahi tawfiq.